Bio yako ya 2015 bado inasema wewe ni mtu wa ArcMap: namna ya kuiandika upya

Januari nilipigiwa simu na jamaa wa kampuni moja ya ujenzi, anataka niwadijitaizie ramani za viwanja karibu mia nne kutoka kwenye karatasi, na akaniambia kabisa "tumekuona mtandaoni kaka, umebobea huko". Kazi hiyo sijaigusa tangu 2016. Wiki hiyohiyo nikaja kusikia kuna watu walikuwa wanatafuta mchoraji wa ramani za mafuriko hapa Dar, yani kazi ninayoifanya kila siku, na jina langu walilipitia wakaliacha manake bio ilisema mimi ni mtu wa upimaji wa ardhi na ArcMap, softiwea ya zamani ya kuchora ramani. Iliniuma sana. Nikakaa wikiendi nzima nikaiandika upya, na hapa naweka nilivyofanya hatua kwa hatua nikitumia bio yangu mwenyewe, we badilisha fani na softiwea uweke za kwako.

Hatua ya 1: Tafuta bio zako zote kabla hujagusa hata moja

Wengi tunakimbilia LinkedIn tunabadilisha pale tunalala, kumbe maandishi yaleyale yako sehemu nyingine sita. Fungua Google uandike jina lako pamoja na jina la softiwea ya zamani, kila kimoja ndani ya alama za kunukuu ili itafute maneno hayohayo bila kubahatisha:

```
"Jina Lako" "ArcMap"
"Jina Lako" "Fusion Tables"
```

Mimi nilikuta sehemu saba: LinkedIn, ukurasa wa wafanyakazi wa ofisi niliyoiacha zamani, ukurasa wa wakufunzi wa mafunzo fulani, saini ya imeili, CV mbili tofauti, na ratiba ya warsha ya 2014. Zinakili zote kwenye dokumenti moja, pembeni ya kila moja andika iko wapi na nani ana uwezo wa kuibadilisha. Ile ya ratiba ya warsha niliiacha ilivyo, manake ni kumbukumbu ya siku hiyo, ina tarehe yake, na mtu akiisoma anaona kabisa ni ya 2014. Zinazokuumiza ni zile zisizo na tarehe, msomaji anadhani umeziandika jana.

Hatua ya 2: Ikate sentensi kwa sentensi

Ya kwangu ya 2015 ilikuwa hivi, GIS humo ni kazi ya ramani na data za mahali kwa kompyuta:

> Mtaalamu wa GIS mwenye uzoefu wa miaka 8. Amebobea katika kudijitaizi ramani za upimaji wa ardhi kwa kutumia ArcMap 10.2, ArcView na AutoCAD 2010. Ana ujuzi wa kuchapisha ramani mtandaoni kwa Google Fusion Tables na Google Map Maker. Kwa sasa anafanya kazi katika kampuni ya upimaji Dar es Salaam ambapo anaongoza timu ya watu 4. Ni mchapakazi, anaweza kufanya kazi chini ya presha, na ana shauku kubwa ya teknolojia.

Chukua kila sentensi uiandikie pembeni moja kati ya haya: bado kweli, ilikuwa kweli, imekufa, au haisemi kitu. Kwangu mimi "bado kweli" ilibaki moja tu, kwamba ni mtu wa GIS. Kudijitaizi na kampuni ya upimaji ni "ilikuwa kweli". Fusion Tables na Map Maker ni "imekufa". Sentensi ya mwisho yote haisemi kitu, hamna mtu anayeandika kwamba ni mvivu, kwahiyo hiyo nilifuta palepale.

Usiandike upya ukiwa bado hujamaliza kuzikata. Nilijaribu hivyo mwanzoni, nikawa nabadilisha neno hapa neno pale, nikaishia na bio ileile ya upimaji ila ndani ina QGIS, softiwea ya ramani ninayotumia siku hizi.

Hatua ya 3: Sentensi ya kwanza itoke kwenye kazi ulizolipwa

Hapa usitumie kumbukumbu, manake kumbukumbu inapenda kazi moja kubwa ya zamani iliyokupa jina. Fungua ankara zako na imeili za miaka mitatu iliyopita uorodheshe kazi moja moja. Mimi zilikuwa 11: nane ni za mafuriko, mbili ni kufundisha watu kukusanya data kwa simu, moja ni mipaka ya mitaa. Hapo huna haja ya kujiuliza wewe ni nani siku hizi, karatasi imeshakujibu. Kama kazi zako zimegawanyika nusu kwa nusu hiyo nayo ni habari, pengine unahitaji bio mbili kwa watu wawili tofauti badala ya moja inayojaribu kumfurahisha kila mtu.

Sentensi yenyewe iseme unafanya nini, unafanyia wapi au kwa nani, na mwishoni mtu anapata nini mkononi. Jaribio langu la kwanza lilikuwa "Mtaalamu wa GIS na maafa". Pana mno, maafa ni ukame, ni moto, ni tetemeko, na mimi tetemeko sijui chochote.

La pili likawa "Nachora ramani za mafuriko mijini kwa picha za setilaiti". Inapendeza ila sio kweli, na ningeumbuka nalo mbele ya mtu anayejua. Ngoja nieleze kidogo kwanini, manake ndo mfano mzuri wa bio mpya inavyoweza kudanganya kuliko ya zamani. Setilaiti tunayoitegemea sana kwenye mafuriko ni Sentinel-1, inatumia rada, kwahiyo inaona hata kukiwa na mawingu na hata usiku, na maji yaliyotulia yanatokea meusi kwenye picha kwa sababu yanaakisi mawimbi ya rada kwenda upande mwingine badala ya kuyarudisha. Bondeni au mashambani inafanya kazi vizuri sana. Ila ukija uswahilini kwenye nyumba zilizobanana, kuta zinarudisha mawimbi kwa nguvu na maji yaliyo katikati ya nyumba na nyumba yanapotea humo, unaweza ukawa na picha ya Tandale maji yako magotini na rada haioneshi kitu cha maana. Kazi yangu ya mjini inategemea droni na watu wanaotembea mitaani na simu. Kwahiyo bio iseme hivyo.

La tatu: "Nachora ramani zinazoonesha maji ya mvua yanapita wapi Dar es Salaam, mitaro imeziba wapi na nyumba zipi ziko kwenye hatari." Hapo mtu wa halmashauri anajua kabisa aniite kwa lipi.

Hatua ya 4: Fani ya zamani iteremshe, usiifute tu

Hapa ndo pagumu na ndo nilipokaa muda mrefu kuliko kote. Kuna watu watakwambia futa yote ya zamani, anza upya. Mimi sikubaliani. Miaka tisa ya maisha yako ukiifuta inabaki shimo kwenye historia, msomaji wa CV analiona anaanza kuuliza. Ila ukiiacha juu inakuletea simu za kazi usizofanya.

Dawa ni kuiteremsha iwe sentensi moja, kwa wakati uliopita, ina mwaka wa kuanza na wa kumaliza, na iseme ilikuachia nini unachotumia mpaka leo. Hiyo ya mwisho ndo wengi wanairuka, wanaandika "hapo awali alikuwa mpimaji" basi, inaning'inia pale haina kazi.

Kwangu jibu lilikuja nilipojiuliza kitu gani naona kwenye ramani ya mafuriko ambacho vijana walioanza moja kwa moja na simu hawakioni. Ni hiki: ramani nyingi za zamani za upimaji hapa Tanzania zimechorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, wakati GPS na simu zetu zinatumia WGS 84. Ukichukua namba za ramani ya karatasi ukaziweka juu ya picha ya droni bila kubadilisha mfumo, kila kitu kinahama kwa mamia ya mita, mtaro unatokea katikati ya nyumba za watu au ng'ambo ya mto kabisa. Na kwenye skrini ramani inaonekana nzuri tu, hamna onyo lolote, unagundua pale unapoangalia kitu unachokijua kwa macho, kona ya barabara au daraja, ukakuta hakijakaa mahali pake. Mimi kosa hilo naliona haraka kwa sababu nimehangaika nalo miaka yote ile ya karatasi. Basi hiyo ndo iliingia kwenye bio, na ghafla upimaji ukawa sababu ya kuniajiri kwenye mafuriko.

Tafuta ya kwako kwa swali hilohilo. Ukikosa kabisa jibu, yani fani ya zamani haina uhusiano wowote na ya sasa, iandike kwa maneno mawili matatu na miaka yake, iende ikae kwenye CV, kwenye bio usiiweke.

Tarehe zihakikishe. Mimi nilikuwa nadhani niliacha upimaji 2015, nikamwandikia bosi wangu wa zamani "Shikamoo mzee, naomba unikumbushe mradi wetu wa mwisho wa zile ramani za karatasi ulikuwa lini", akanijibu Septemba 2016. Nilikuwa nimekosea kwa mwaka mzima.

Hatua ya 5: Zana, ziangalie moja moja

Usifute orodha yote kwa hasira wala usibandike mpya juu. Kila zana ina hali yake.

Kuna zilizokufa. Google Map Maker ilifungwa 2017, Fusion Tables ilifungwa Desemba 2019, huwezi hata kuzifungua leo ukamwonesha mtu. Hizi toa jina, ila jiulize ulikuwa unafanyia nini. Kwangu zote mbili zilikuwa za kuweka ramani mtandaoni mwananchi wa kawaida aione kwenye simu yake, na hiyo kazi bado naifanya, kwahiyo kwenye bio ikabaki kazi bila jina la zana.

Kuna zilizopata mrithi. ArcMap wenyewe Esri, kampuni iliyoitengeneza, waliipangia mwisho wa sapoti tarehe 1 Machi 2026 na mrithi wake ni ArcGIS Pro. Sasa hapa kuna mtego, mtu anaona mrithi anabadilisha jina fasta, ArcMap inakuwa ArcGIS Pro, kana kwamba ukijua moja unajua na nyingine. Sio hivyo, Pro imepangwa tofauti, kukaa kwake na vitufe vyake ni vingine. Kipimo changu ni kimoja: naweza kuifungua leo nikamaliza kazi ya mteja kuanzia kupokea data mpaka kutoa ramani, bila kuangalia video ya kufundishwa? ArcGIS Pro siwezi, sikuandika. QGIS naweza nikiwa nusu usingizi, ipo.

Halafu kuna zinazoishi ila namba ya toleo imezeeka, kama hiyo "AutoCAD 2010". Namba ya toleo kwenye bio haikusaidii, mwaka mmoja ukipita tu inaanza kukuzeesha. Andika jina peke yake, au usiandike kabisa kama huitumii.

Zana zisizidi tatu, zikae mwishoni. Kuna sehemu utahitaji majina mengi zaidi, hasa zabuni ambapo hadidu za rejea zinataja softiwea kwa jina na anayekagua anatafuta hilo jina kama lilivyo. Hapo yaandike kwenye CV unayoambatisha, ukionesha mwaka wa mwisho uliotumia kila moja, mfano "ArcMap (2007 hadi 2016)". Hujadanganya na hujapoteza pointi.

Hatua ya 6: Toa maneno yanayooza

"Uzoefu wa miaka 8" ilikuwa kweli 2015 tu, Januari iliyofuata ikawa uongo. Andika "tangu 2007", hiyo haizeeki. "Kwa sasa" nayo itoe, na "hivi karibuni", na idadi ya watu unaowaongoza, na cheo kama unajua kinabadilika badilika. Ya kwangu ilikuwa bado inasema naongoza timu ya watu 4, wakati wale wote wanne wameshasambaa, mmoja ni bosi wa watu thelathini huko.

Baada ya yote hayo ikatoka hivi, ODK humo ni programu ya kukusanya data kwa simu:

> Nachora ramani zinazoonesha maji ya mvua yanapita wapi Dar es Salaam, mitaro imeziba wapi na nyumba zipi ziko kwenye hatari. Nafanya kazi hii tangu 2017 na halmashauri, mashirika ya maafa na wakazi wa mitaa wenyewe, ambao nawafundisha kukusanya data kwa simu. Kuanzia 2007 hadi 2016 nilikuwa kwenye upimaji wa ardhi, nikigeuza ramani za karatasi kuwa za kompyuta, na ndiyo maana kila ramani yangu inakaguliwa kama imekaa mahali pake sahihi kabla haijamfikia mteja. Natumia QGIS, ODK na picha za droni.

Hiyo ndo ya kati. Kutoka humo kata fupi kwa ajili ya sehemu ndogo, X wanakupa herufi 160, Instagram 150, kichwa cha LinkedIn 220. Fupi yangu ni "Ramani za mafuriko Dar es Salaam: maji, mitaro, nyumba zilizo hatarini." Usijaribu kuingiza upimaji humo, hautoshei na hauhitajiki. Kuhusu "mimi" au "yeye", kwenye kurasa zako mwenyewe andika "nachora", ila waandaaji wa mikutano wanataka "anachora" kwa sababu kuna mtu atakusomea, kwahiyo weka nakala zote mbili tayari.

Hatua ya 7: Mpe mtu asiye wa fani yako

Nilimsomea kwa sauti dada mmoja wa afya ya jamii tuliyewahi kufanya naye mradi, nikamuuliza swali moja tu, "ungeniita kwa kazi gani?" Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia nzuri. Akasema, "Nitakuita kipindupindu kikitokea baada ya mvua, nijue maji machafu yameenda wapi." Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo ila ni sahihi kabisa, bio imemfikisha panapotakiwa. Nikamuuliza na je ukiwa na ramani za viwanja? Akafikiria, akasema "hapana, hiyo si ulishaacha?" Hapo nikajua sentensi ya upimaji imekaa vizuri. Kama angesema ndiyo, ningerudi hatua ya 4.

Hatua ya 8: Ibadilishe kila mahali

Anza na LinkedIn manake ndo watu wanaangalia. Kabla ya kuhifadhi angalia ule mpangilio wa kutangaza mabadiliko kwa watu wako, uzime kama hutaki kila mtu apate taarifa ya kila herufi uliyorekebisha. Na usiishie kwenye maelezo, shuka mpaka `Skills`, mimi ArcMap na "Land Surveying" zilikuwa zimekaa juu kabisa kwa sababu zilithibitishwa na watu wengi miaka ile, nilibadilisha maelezo yote na bado wasakaji walikuwa wananipata kwa upimaji. Zishushe chini au uzitoe.

Kurasa ambazo sio zako, andika imeili fupi, ubandike maandishi mapya humohumo tayari kwa kunakiliwa, usimwambie mtu "naomba unisahihishie" halafu ukamwacha abuni mwenyewe. Wale wa mafunzo walibadilisha siku ileile. Ile ofisi ya zamani sikuomba bio mpya, niliomba waniondoe au waandike "alifanya kazi hapa 2007 hadi 2016", wakachukua wiki tatu na imeili mbili.

Ukurasa ukishabadilishwa, Google inaweza kuendelea kuonesha yale maandishi ya zamani kwa muda. Kuna fomu yao inaitwa `Refresh Outdated Content`, unaingiza anuani ya ukurasa na neno lililokuwepo zamani ambalo sasa halipo, mimi niliweka "ArcMap". Inakubali tu kama ukurasa wenyewe umeshabadilika kweli au umeondolewa, kwahiyo usiitume kabla mwenye ukurasa hajamaliza. Halafu rudia ule utafutaji wa hatua ya kwanza baada ya wiki mbili tatu. Mimi nilivyorudia ilibaki ile ratiba ya warsha ya 2014 peke yake, na tarehe yake juu.